Sheria Isiyogusa Hesabu Ndiyo Inayofunga Kiwanda

Tangu Julai 2023 waajiri wa Kenya wanaishi na sheria za mishahara zinazobadilika kabla hawajazizoea. Tozo ya nyumba ilianza kukatwa mwezi huo, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuruhusu iendelee kukatwa, na Machi 19 tozo ikarudi kwa sheria mpya. Oktoba mwaka huohuo bima ya afya ya NHIF ikaondoka na SHIF ikachukua nafasi yake kwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Wakaguzi wa hesabu nao wakahamia huko. Katika mafaili mengi ya ukaguzi, sehemu ya utii wa sheria imejaa hesabu za makato ya mishahara, na leseni, mazingira, usalama kazini na ulinzi wa taarifa za watu vimeachiwa ukurasa mmoja wenye maswali matano, majibu matano ya "hakuna" na saini ya mkurugenzi.

Anayetetea faili la namna hiyo atakuambia kwamba ndivyo kiwango kinavyosema: sheria zinazogusa tarakimu moja kwa moja zinakaguliwa kwa kina, zisizogusa zinaulizwa tu. Kiwango anachokitaja, kile cha kimataifa cha ukaguzi kiitwacho ISA 250, kweli kinazigawa sheria mafungu mawili, na kweli kazi inayodaiwa kwa kila fungu ni tofauti. Kosa liko katika kuamini kwamba mgawanyo huo unapima uzito wa sheria. Unachopima ni njia ambayo sheria inapita hadi kufika kwenye hesabu. Sheria ya fungu la kwanza inaingia kwenye hesabu kila mwezi, kwa kanuni inayojulikana, hata pale ambapo kila mtu ameitii. Ya fungu la pili inakaa nje, na huingia siku tu imevunjwa na mtu akagundua. Siku hiyo inaweza kuingia na kiasi kinachozidi makato ya miaka kumi, au ikaja na amri ya kufunga geti.

Sheria za kodi na za mafao ya uzeeni ndizo mfano unaotolewa na kiwango chenyewe kwa fungu la kwanza. Zinaamua moja kwa moja ni kiasi gani kiandikwe kama gharama, kiasi gani kama deni na nini kielezwe kwenye maelezo ya hesabu. Ndiyo maana mkaguzi anadaiwa ushahidi wa kutosha kwamba zimefuatwa: huwezi kusema deni la kodi ni sahihi bila kujua sheria ya kodi imefuatwa, kwa sababu hayo mawili ni jambo moja. Fungu la pili ni la sheria ambazo hazisemi chochote kuhusu kiasi cha kuandika, lakini biashara haisimami bila kuzifuata, au kuzivunja kunaleta adhabu kubwa: masharti ya leseni, kiwango cha chini cha mtaji wa benki au bima, kanuni za mazingira. Hapa kiwango kinataka mambo mawili: kuuliza menejimenti na wenye dhamana ya kusimamia kampuni, na kusoma barua walizoandikiana na mamlaka husika. Mkaguzi hatakiwi kwenda mbali zaidi ikiwa hajaona dalili wala kushuku ukiukaji. Sharti hilo la "ikiwa" ndilo linalosahaulika. Dalili ikionekana, kazi inabadilika papo hapo: anatakiwa kuelewa kitendo chenyewe na mazingira yake, atafute habari zaidi na apime athari yake kwa hesabu, kisha alizungumze na uongozi na, inapobidi, atafute ushauri wa mwanasheria.

Tuchukue kiwanda cha kuchakata ngozi, nilichokitunga kwa ajili ya mfano, kinachofunga hesabu Desemba 31, 2025. Faida kabla ya kodi ni shilingi milioni 30, na mkaguzi ameamua kwamba kosa lolote kuanzia milioni 1.5 ni zito kiasi cha kumpotosha msomaji wa hesabu. Leja inaonyesha mishahara na ujira wa milioni 120 kwa mwaka. Tozo ya nyumba ni asilimia 3 ukijumlisha pande zote mbili, kwa hiyo anatarajia kukuta malipo ya milioni 3.6. Risiti zinaonyesha milioni 3. Upungufu ni laki 6, na kwa kipimo alichojiwekea unaonekana mdogo. Mkaguzi mwenye haraka atauandika kwenye orodha ya makosa madogo na kuendelea. Anayejua kazi anaugeuza upungufu huo: laki 6 kugawanya kwa asilimia 3 ni milioni 20. Kwa hiyo kuna milioni 20 za ujira ambazo hazikupita kwenye orodha ya mishahara. Akirudi kwenye leja anazikuta kwenye vocha za fedha taslimu, zimeandikwa "vibarua, sehemu ya kuloweka". Ni watu 80, shilingi 800 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mwaka mzima.

Hapo ndipo mgawanyo wa mafungu unapoanza kufundisha. Mhasibu atasema hao ni vibarua na hawana makato. Lakini kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi anahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Ukisoma Sheria ya Ajira peke yake utaiweka fungu la pili, maana haikuambii uandike tarakimu gani. Hata hivyo ndiyo inayoamua nani ahesabiwe kwenye sheria za fungu la kwanza. Majina 80 yaleyale yakijirudia kwenye vocha kuanzia Januari hadi Desemba, mkaguzi hana tena pa kujificha. Tozo ya nyumba ni laki 6, SHIF ni laki 5 na elfu 50, michango ya uzeeni ya NSSF ya asilimia 12 kwa pande zote mbili ni milioni 2.4. Jumla ni milioni 3.55 kabla ya adhabu yoyote, zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Kodi ya mapato haiongezeki hapo kwa kuwa mtu wa shilingi 20,800 kwa mwezi hafikii kiwango cha kutozwa. Sehemu ya milioni 2.05 kati ya hizo ilipaswa kukatwa kwa wafanyakazi wenyewe, lakini aliyeshindwa kukata ni mwajiri, na wengi wa vibarua hao wameshaondoka. Mzigo utamwangukia yeye.

Kwenye fungu hili la kwanza kuna mitego miwili inayowanasa watu kila mwaka. Wa kwanza ni karatasi ya malipo ya mamlaka ya kodi, KRA. Ukijaza ritani mtandaoni unapewa hati yenye namba ya usajili wa malipo, PRN, na kiasi unachodaiwa. Hati hiyo hutoka kabla hujalipa. Nimeeleza hili mara nyingi kwa sababu hati yenyewe inafanana na risiti, ina nembo na namba, na inawekwa kwenye faili kama ushahidi ilhali fedha hazikutoka benki. Ushahidi ni namba hiyohiyo kuonekana kwenye taarifa ya benki pamoja na tarehe, kwa kuwa tozo ya nyumba inatakiwa kufika ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha. Mtego wa pili ni kuzidisha mshahara wa mwaka mzima kwa kiwango kimoja. Aliyekagua hesabu za Juni 2024 kwa kuzidisha miezi 12 kwa asilimia 3 alikuta "upungufu" ambao haukuwepo, maana Februari 2024 tozo haikuwa na sheria ya kuisimamia. Na aliyekagua Desemba 2024 kwa kuipa SHIF miezi 12 alisahau kwamba ilianza Oktoba. Sheria ya fungu la kwanza inakaguliwa mwezi kwa mwezi, kwa kiwango kilichokuwa hai mwezi huo.

Sasa turudi kiwandani tuangalie majitaka. Ngozi huzuiwa kuoza kwa chumvi za kromiamu, na maji yanayotoka huko hayaruhusiwi kuingia mtoni bila kusafishwa na bila leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, chini ya kanuni za ubora wa maji. Hakuna mstari kwenye hesabu unaosema "kromiamu". Mkaguzi anauliza kama kuna ukiukaji, anajibiwa hakuna. Anaomba barua za NEMA, analetewa jalada lenye leseni ya mwaka juzi. Wengi huishia hapo, na bado watasema wametimiza mambo mawili yanayodaiwa. Hawajatimiza. Kusoma barua si kusoma jalada uliloletewa na mtu unayemkagua. Leseni iliyokwisha muda ni dalili tayari, imo mkononi mwako, na kuanzia hapo ile kinga ya "ikiwa hajaona dalili" imeondoka.

Dalili nyingine zimo kwenye vitabu ambavyo mkaguzi anavipitia hata hivyo kwa sababu nyingine. Akaunti ya ada za wanasheria ndiyo yenye mdomo kuliko zote: ankara ya wakili huandika kazi aliyofanya, na "kujibu notisi ya urekebishaji" kwenye ankara ya Oktoba inasema zaidi ya barua ya uthibitisho ambayo mkurugenzi amesaini kwamba amefichua kila ukiukaji anaoujua. Kumbukumbu za vikao vya bodi ni za pili, hasa zile za baada ya mwaka kufungwa. Rejista ya barua zinazoingia pale mapokezi ni ya tatu, na ni rahisi sana kuiomba: inaandikwa kwa mkono, kwa mfululizo wa tarehe, na mwandishi wake hana sababu ya kuficha kitu. Kuna pia malipo yasiyo na maelezo kwa "mshauri", ununuzi wa chokaa na dawa za kusafishia maji ulioruka ghafla mwezi mmoja, na umeme wa mtambo wa majitaka ambao haukupanda hata pale uzalishaji ulipopanda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji shahada ya sheria.

Tuseme ankara ya wakili inafichua kwamba NEMA iliandika notisi Oktoba 2025, ikidai kiwanda kisafishe kijito na kijenge mtambo mpya wa kusafishia maji. Wakili anaona faini ya milioni 2 inaelekea kutozwa, usafishaji wa kijito utagharimu milioni 6, na mtambo milioni 25. Watu hukosea hapa kwa pande zote mbili. Kuna anayesema kesi haijaisha, kwa hiyo haiandikwi chochote. Kuna anayeandika zote milioni 33. IAS 37, kiwango cha uhasibu kuhusu fedha za kutengwa kwa madeni yasiyo na uhakika, inauliza mambo matatu: je, kuna wajibu uliopo sasa unaotokana na jambo lililokwisha kutokea, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa fedha kutoka kuliko kutotoka, na je, kiasi kinaweza kukadiriwa kwa kuaminika. Uchafuzi umeshatokea, kwa hiyo faini na usafishaji wa kijito vinatimiza masharti, na milioni 8 zinatengwa kwenye hesabu za 2025. Mtambo hautimizi. Ni gharama ya kufanya kazi kesho kwa kufuata sheria, na kampuni bado ingeweza kuukwepa kwa kubadili namna ya uzalishaji au kuacha shughuli hiyo. Utaandikwa utakapojengwa. Faida ya milioni 30, hata kabla ya kuondoa zile milioni 3.55 za vibarua, sasa inashuka hadi milioni 22 kwa sheria ambayo faili lilikuwa limeiandikia neno moja, "hakuna".

Na hiyo ni hali ya kiwanda kinachoendelea kufanya kazi. Notisi ikitishia kufunga, swali linahama kutoka kiasi cha kutenga hadi kama kampuni itakuwepo miezi 12 ijayo, na hapo hesabu nzima inatikisika: ngozi zilizo ghalani, mashine na mikopo ya benki yenye sharti la leseni hai. Tanzania ililiona hilo Januari 4, 2018, Benki Kuu ilipofunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Sharti la mtaji wa chini halikuambii mkopo fulani uandikwe shilingi ngapi. Lakini kwa benki ndilo linaloamua kama kesho milango itafunguliwa, na ukiukaji wake unaonekana kwenye hesabu zilezile anazozikagua mkaguzi.

Wapo wanaosema basi mgawanyo wenyewe ufutwe. Hoja hiyo ina watu wazito nyuma yake. Juni 2023 PCAOB, chombo cha Marekani kinachosimamia wakaguzi wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa, kilipendekeza kufuta tofauti hiyo na kumtaka mkaguzi atambue sheria zote ambazo zikivunjwa zinaweza kuwa na athari nzito kwenye hesabu, ziwe za moja kwa moja au la. Wajumbe wawili kati ya watano walipinga, wakaguzi na kampuni wakapiga kelele, na mwaka 2024 ukaisha bila pendekezo kupitishwa. Nguvu ya hoja yao ni kwamba mwekezaji hajali sheria imepita njia gani, anajali amepoteza kiasi gani. Wanaopinga wanasema kampuni moja ya kawaida inagusa sheria mamia, mkaguzi hawezi kuzijua zote, na kwamba kitendo fulani ni ukiukaji au si ukiukaji ni jambo la mahakama kuamua. Nawaunga mkono wapinzani kwa sababu ya vitendo tu: ukimwambia mkaguzi wa ofisi ya watu sita kule Eldoret akague sheria zote kwa kina kimoja, utapata orodha ndefu zaidi ya maswali na majibu marefu zaidi ya "hakuna". Muda wake utakwisha kabla hajaomba rejista ya mapokezi.

Hoja ninayoiona dhaifu kabisa ni ya tatu, na ndiyo inayosikika zaidi ofisini: "Mimi si mwanasheria, kwa hiyo sheria zisizogusa tarakimu hazinihusu." Mtu huyohuyo si mwanasheria wa kodi, lakini anakagua kodi. Si mthamini wa majengo, lakini anapima ripoti ya mthamini. Hakuna anayemtaka atoe hukumu kama kijito kimechafuliwa. Anatakiwa aone kwamba leseni imekwisha muda, aone ankara ya wakili, na aulize swali linalofuata. Kuna hata anayeongeza kwamba barua ya uthibitisho ya menejimenti inamlinda. Barua hiyo ni ya lazima, ila kiwango chenyewe kinasema haitoshi kuwa ushahidi peke yake, na mtu aliyevunja sheria ndiye mwenye sababu zaidi ya kuisaini.

Upande wa pili kuna wasomaji wa hesabu, na nao wana kosa lao. Kampuni ikikutwa haina leseni, wanauliza mkaguzi alikuwa wapi. Swali la haki ni jembamba zaidi: je, kulikuwa na dalili kwenye vitabu alivyopewa? Ukiukaji unaokaa mbali na vitabu, kama bomba lililofunguliwa usiku bila malipo yoyote kuandikwa, mkaguzi anaweza asiuone hata akifanya kila kitu sawasawa, na kadiri sheria inavyokuwa mbali na hesabu ndivyo uwezekano huo unavyokua. Lakini leseni yenye tarehe ya kuisha si bomba la usiku.

Kilichobaki ni mpangilio wa kazi yenyewe. Orodha ya sheria za mteja inatakiwa iandaliwe mwanzoni, wakati wa kupanga ukaguzi, na mtu anayeijua sekta, na kila sheria iandikiwe njia yake: inaingia kwenye hesabu kupitia akaunti ipi, au ikivunjwa itaingia kwa sura gani, faini, usafishaji au kufungwa. Sheria kama ya ajira, ambayo iko fungu la pili lakini inaamua nani ahesabiwe kwenye fungu la kwanza, iwekewe alama. Leseni zote ziorodheshwe na tarehe za kuisha, zilinganishwe na tarehe ya mwisho wa mwaka na tena na tarehe ya kusaini ripoti, maana notisi iliyoandikwa Februari 2026 kuhusu maji yaliyomwagwa Novemba 2025 bado ni ya hesabu za 2025. Rejista ya mapokezi isomwe mara ya pili wiki ya kusaini. Na dalili ikionekana, menejimenti ikakataa kuonyesha barua au bodi ikakataa kulizungumza, mkaguzi hana ruhusa ya kuiacha kwenye faili lake kama jambo la pembeni: ama upeo wa kazi yake umezuiwa na maoni yake yaonyeshe hivyo, ama hesabu zina upungufu na maoni yaseme upungufu huo ni upi.